Sema Wewe ni Winga: Linki za Kamisheni Chini ya Video

Ahsanteni. Wale mlionisikia mwaka jana mniwie radhi, nitarudia yale yale, kwa sababu wiki hii nimepita kwenye chaneli zenu na nimekuta yale yale. Linki ya kamisheni ni nini sitaeleza, humu ndani wote mnazo. Nataka tuzungumzie maneno. Mnaandika nini chini ya video, mnakiandika wapi, na yule anayesoma anatoka na nini.

Nianze na sentensi niliyoinakili chini ya video ya mmoja wetu. Simtaji, na yeye asijitaje. Video ni Kiswahili safi, dakika kumi na nne, inahusu vikaango visivyogandisha chakula. Mwisho kabisa wa maelezo, baada ya Instagram, TikTok, namba ya matangazo na alama za reli zisizo na idadi, kumeandikwa: "Video hii ina viungo vya ushirika."

Viungo vya ushirika! Msicheke, mwenzenu alikuwa na nia njema. Lakini hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mtazamaji. Mzanzibari akisikia viungo anawaza iliki na mdalasini. Daktari anawaza goti. Shabiki wa mpira anawaza kiungo mkabaji. Ukiongeza "ushirika", mzee wangu wa Moshi anawaza chama cha ushirika na malipo ya kahawa. Kwa hiyo chini ya video ya kikaango, kilichoeleweka ni kwamba kuna bizari inauzwa na wakulima kwa pamoja. Kilichotakiwa kueleweka, kwamba huyu binti anayesifia kikaango atalipwa kikinunuliwa, hakuna aliyekipata.

Najua mtaniambia "kiungo" ndiyo Kiswahili sanifu. Sawa, ni sanifu, na kwenye kitabu cha kompyuta kitumike. Ila tamko la aina hii lina kazi moja tu: mtu aelewe kwamba unalipwa. Neno likiwa sanifu na mtu hakuelewa, tamko halijafanya kazi. Mimi naandika "linki" kwa sababu mama yangu anasema linki. Na naandika "kamisheni" kwa sababu hata wakala wa kutuma pesa kwa simu pale mtaani anajua kamisheni ni nini.

Wala si kwamba sisi Waswahili hatuna mfano wa jambo hili. Tunao, upo Kariakoo kila siku, anaitwa winga. Unashuka kwenye daladala, kijana anakupokea: "Dada, unatafuta nini? Njoo, kuna duka zuri." Anakupeleka, unanunua, naye anapata chake. Hakuna kosa hapo, duka linaujua mchezo na wewe unaujua. Ubaya unaanza pale winga anapojifanya mteja mwenzako. Anasimama pembeni yako, anashika kitenge, anasema, "Mimi mwenyewe nimenunua hapa vitatu, havichuji." Ukija kugundua kwamba ni winga, humwamini tena, hata kama kitenge kweli hakichuji. Sasa mtu anayekaa mbele ya kamera, akasifu blenda, akaweka linki, asiseme analipwa, ni winga aliyejifanya mteja. Basi.

Kuna tofauti moja muhimu na ndiyo inayotusaidia. Winga wa Kariakoo mara nyingi anaweka cha juu, na hicho unakilipa wewe mnunuzi. Linki ya Amazon haifanyi hivyo. Bei ya bidhaa ni ile ile kwa aliyepita kwenye linki yako na kwa aliyeitafuta mwenyewe; kamisheni inatoka kwa muuzaji. Mtazamaji wetu hajui hilo. Akisikia "kamisheni" anawaza cha juu moja kwa moja, kwa sababu ndicho alichozoea. Ndiyo maana kwenye sentensi yangu ya tamko, mtaiona mbele, kuna nusu ya pili isemayo bei yako haiongezeki. Muiweke pale tu ambapo ni kweli. Nimeona watu wanauza kwa oda ya WhatsApp, wameshaongeza elfu kumi yao, halafu chini wamenakili sentensi yangu nzima nzima. Hiyo ni cha juu, ndugu zangu, iiteni kwa jina lake.

Sasa wale wa "sheria ipo wapi?" Nawaona, mmekunja mikono. Mamlaka iliyoandika kwa urefu juu ya jambo hili ni Tume ya Biashara ya Marekani, ile inayoitwa FTC. Miongozo yao ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023. Utasema Marekani inakuhusu nini na wewe uko Mbagala. Wenyewe wamejibu: ukichapisha kutoka nje lakini ni jambo la kutegemewa kwamba maneno yako yatawafikia wanunuzi wa Marekani, sheria yao inakuhusu. Na wewe umeweka linki ya amazon.com, watazamaji wako wa nje wako Minnesota na Texas. Utasema hukutegemea?

Kilichonifurahisha mimi kwenye maandishi ya Tume hiyo ni kitu kidogo ambacho wengi wanakiruka. Kwenye kijitabu chao cha mwaka 2019 cha watu wa mitandaoni wanasema tamko liwe kwa lugha ile ile ya sifa. Umesifu kwa Kiswahili, tangaza kwa Kiswahili. Na kwingine wanasema kwamba maneno "affiliate link" peke yake hayatoshi, kwa sababu huenda wasomaji hawajui maana yake. Mmarekani haelewi kwa Kiingereza chake, wewe unataka mtu wa Mwanza aelewe?

Nchi si Marekani pekee. Uingereza wanaosimamia matangazo wanataka linki yenyewe ionekane wazi kuwa ni tangazo, na ukiwa na linki mchanganyiko, zile za kulipwa ziwekewe alama moja moja. Mwenye watazamaji Leicester na London hilo alichukue. Nakwenda mbele.

Nawaambia kisa changu, maana mimi si malaika. Nina video ya blenda. Blenda nzuri kweli, nilikuwa kwa dada yangu Marekani nilipoirekodi. Niliweka linki, na chini kabisa nikabandika ile sentensi ya Kiingereza ambayo Amazon wanaitaka. Nikalala nikijua nimemaliza.

Miezi ikapita. Siku moja napata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Tanga. "Mwanangu, blenda yako imeniungulia." Nikamwandikia, "Shikamoo mama, imekuwaje?" Ikawa hivi. Alitazama video, akaipenda, akamtumia linki mwanawe aliye Houston. Kijana akabonyeza, akanunua, akaitia kwenye mzigo wa kuja nyumbani. Mama akafungua boksi, akaona pini mbili bapa, akatuma mtoto dukani akanunua adapta. Akatia nazi, akawasha. Ikapiga kelele kama inataka kupaa, sekunde chache, harufu ya waya, moshi, kimya.

Fundi hahitaji kuelezwa. Blenda ile ilikuwa ya volti 120, umeme wa Marekani. Ukutani kwa mama mmekaa volti 230, karibu mara mbili. Adapta inabadili umbo la pini tu, umeme unapita vile vile ulivyo. Mota ikazunguka kwa kasi isiyoiweza, koili ikaungua. Na maelezo yangu chini ya video yalikuwa na marafiki zangu wote wa mitandaoni, lakini neno "volti" halikuwepo hata mara moja.

Nikaomba radhi. Mama akauliza swali la pili, na hili ndilo lililonileta mbele yenu. "Na wewe kwenye hiyo linki ulilipwa?" Nikamjibu kwa kujiamini: ndiyo mama, na niliandika pale chini. Akaenda kuangalia, akarudi. "Hicho Kizungu cha mwisho ndiyo risiti yangu?"

Sikuwa na jibu. Kamisheni ya vifaa vya jikoni Amazon ya Marekani wakati ule ilikuwa asilimia 4.5. Blenda ilikuwa ya dola 50. Nilipata dola 2.25, mama akapata moshi.

Tazameni kwamba mambo mawili yalikosekana kwa mara moja, na mimi siku hizi siyatenganishi. Tamko halikueleweka, na maelezo hayakuwa na faida kwa aliyeyasoma. Mtu anayelipwa kwa linki ana sababu ya kusahau volti, kwa sababu volti inapunguza wanunuzi. Ndiyo maana mtazamaji anahitaji kujua unalipwa: apime maneno yako. Na ndiyo maana wewe unatakiwa uandike kile kinachoweza kumfanya asinunue.

Haya, tuandike. Maelezo ya YouTube yanaruhusu herufi 5,000, na hilo ndilo linalowadanganya watu, wanajaza kama wanalipwa kwa herufi. Kwenye simu mtazamaji haoni kitu mpaka abonyeze `...more`, na akibonyeza anasoma mistari ya mwanzo. Kwa hiyo ya kwanza ni tamko, ya pili ni kitu chenyewe. Maelezo ya blenda yangu sasa yako hivi:

```
Ukinunua kupitia linki za Amazon hapa chini, mimi hulipwa
kamisheni. Bei yako haiongezeki.
As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases.

Blenda ya kwenye video, wati 700, jagi la kioo (kamisheni):
https://www.amazon.com/dp/B0XXXXXXXX?tag=jinalako-20
Ni ya volti 120: Marekani na Kanada tu. Ukiichomeka
Tanzania au Kenya kwa adapta itaungua.

Chujio la tui: nililinunua Kariakoo, silipwi chochote.
```

Hebu tuisome polepole, kila neno lina sababu.

"Ukinunua kupitia linki za Amazon hapa chini." Sikusema ukinunua blenda hii. Kwa nini? Kwa sababu ukibonyeza linki yangu, Amazon wananihesabia kwa saa 24. Umeingia kwa blenda, ukaiacha, ukanunua kandambili na kitabu, mimi nalipwa kwa kandambili na kitabu. Ripoti yangu imejaa vitu ambavyo sijawahi kuvitaja maishani. Sijui nani kanunua, hilo Amazon hawanionyeshi, ila naona kimenunuliwa nini. Basi ukiandika "napata kidogo ukinunua blenda" umesema pungufu ya ukweli.

"Mimi hulipwa kamisheni." Si "huenda nikapata chochote kitu", si "unaisaidia chaneli yetu ikue". Hii ya kusaidia chaneli inanikera sana, niseme wazi. Mtu anadhani ni sadaka. Kusaidiwa ni kusaidiwa, kulipwa ni kulipwa.

Ile ya Kiingereza ibaki kama ilivyo, Amazon wanaitaka kwenye masharti yao, msiiguse. Ila imekaa chini ya Kiswahili, haijachukua nafasi yake.

Neno "kamisheni" lile kwenye mabano, mbele ya linki yenyewe, ni kwa ajili ya anayeruka mistari ya juu akatafuta linki, na hao ndio wengi. Halafu kuna lile chujio. Chujio silipwi, na nimelisema. Linki mbili zikikaa pamoja, moja ya kulipwa moja ya bure, msomaji hawezi kujua ipi ni ipi kwa macho. Yule atakayeniambia "linki inajionyesha, ina `tag` ndani", namuuliza: shangazi yako anasoma `tag`? Na ukitumia ile fupi ya `amzn.to` hata hiyo `tag` haionekani.

Volti nimeiweka mara baada ya linki, wala si mwisho wa maelezo. Mwenye kifaa kingine aangalie kibandiko cha chini au cha nyuma. Kikiandikwa `INPUT: 100-240V`, kama chaja nyingi za simu na kompyuta, kinakubali huku na kule, adapta inatosha, andika hivyo. Kikiandikwa `120V` peke yake, andika kwamba bila transfoma ya kushusha umeme kisichomekwe, na transfoma hiyo ibebe zaidi ya wati za kifaa. Kwa blenda ya wati 700 hiyo transfoma ni zito kama tofali na lina bei yake, kwa hiyo ushauri wa kweli ni: nunua blenda ya huku. Nimeandika hivyo kwenye video ninayolipwa kuuza blenda ya kule. Ndiyo, nimepoteza wanunuzi. Sijapata tena ujumbe wa moshi.

Bei sikuandika, mmeona. Bei za Amazon zinabadilika, nao hawataki uziandike kwa mkono. Ukitaka kumsaidia mtu kuhusu pesa, mwambie kitu gani kinafanya kazi hiyo hiyo na kinapatikana karibu naye. Jumia ilifunga shughuli Tanzania mwaka 2019, Kenya bado ipo. Kuna watu mpaka leo wanawawekea Watanzania linki za Jumia Kenya bila neno moja la kwamba haileti huku. Hiyo ni kumpotezea mtu bando lake.

Kuna pingamizi nalijua linakuja, dada pale nyuma ameshanyoosha mkono nusu. "Watu wakijua nalipwa hawatabonyeza." Wengine hawatabonyeza, ni kweli, sitakudanganya. Lakini angalia upande wa pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2018 walichapisha walichokikuta walipopitia video za YouTube karibu nusu milioni: katika zile zenye linki za kamisheni, kama moja katika kumi tu ndiyo iliyokuwa na tamko lolote. Tisa kimya. Na waliojaribisha maneno walikuta tamko linaloeleza, kwamba nalipwa ukinunua, linatambulika kuliko lile fupi lisiloeleza. Kwa hiyo soko limejaa mawinga waliojifanya wateja. Mimi sitaki kushindana nao kwa kujificha vizuri zaidi.

Muda unaniishia, mwenyekiti ananitazama. Niharakishe.

Maelezo peke yake hayatoshi. Hao hao FTC wanasema tamko la chini ya video ni rahisi kukosekana, kwa hiyo liseme kwa mdomo ndani ya video, pale pale unapotaja linki: "Linki iko chini, ukinunua kupitia hapo nalipwa kamisheni." Sekunde nne, na maandishi kwenye kioo kwa anayetazama bila sauti.

Kile kisanduku cha kwenye Studio kinachotoa maneno `Includes paid promotion` ni cha pale kampuni imekulipa au kuna makubaliano ya kuizungumzia. Maneno yake yanakaa sekunde 10 za mwanzo na hayasemi lolote kuhusu linki zako. Na kama blenda umepewa bure, linki au hakuna linki, sema umepewa bure.

Video fupi: tangu Agosti 2023 linki kwenye maelezo ya Shorts hazibonyezeki. Bado nakuta watu wamezibandika. Mtu hawezi kuzibonyeza, na tamko umelisahau kwa sababu uliona ni fupi. Waelekeze kwenye video ndefu.

Muda wa sura za video, ile orodha ya vipande kwenye maelezo: uanze na `0:00`, ziwe angalau tatu, kila moja isipungue sekunde 10, la sivyo YouTube haizitengi. Mimi ya kwanza baada ya utangulizi naiandika "Kasoro zake". Mtu aliyekuja kujua kasoro anaruka huko moja kwa moja.

Linki zinakufa. Zikifa kabisa ni afadhali. Mbaya zaidi ni ukurasa uliobaki hai lakini kitu kimebadilishwa: jina lilelile, toleo jingine, jagi la plastiki. Nyota zile zile za zamani zipo juu, na wewe unaendelea kukisifia ambacho hujakishika. Mimi kila mwanzo wa mwezi nafungua linki za video zangu kumi zinazotazamwa zaidi kwenye dirisha la faragha, naangalia picha, namba ya modeli na volti dhidi ya kile nilichonacho jikoni. Ikitofautiana naiondoa linki, naandika "Toleo hili halipo tena" na tarehe. Msinunue kupitia linki yenu wenyewe kujaribu, Amazon wanakataza na akaunti inaweza kufungwa.

Kulikuwa na habari ya kodi, na ya wale wanaoweka linki kwenye maoni badala ya maelezo, naona haitawezekana leo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Aliyekuja na simu afungue video yake moja, ya zamani kabisa, tuisome hapa mstari kwa mstari. Yule wa viungo vya ushirika, wewe huhitaji kunyoosha mkono, yako ninayo.